Faneli ikipinda, angalia kwanza kundi la kulinganishia

Rasimu nyingi za uchambuzi-meta ninazoletewa nizisome, hasa za tiba ya kisaikolojia kwa vijana wenye sonona, zina aya mbili zinazofanana kama zimenakiliwa. Ya kwanza inasema I² ni kubwa, basi tafiti zinatofautiana sana. Ya pili inasema jaribio la Egger la mpindo wa mchoro wa faneli limetoa p chini ya 0.05, basi kuna upendeleo wa uchapishaji. Zote mbili zinaruka swali moja: tiba ililinganishwa na nini?

Tuchukue namba nilizozibuni ili hesabu iwe nyepesi. Tafiti ni 18, wastani wa g ni 0.40 kwa faida ya tiba, kosa sanifu 0.08, tau 0.30. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.23 hadi 0.57. Ukiishia hapo, msomaji ataondoka akiamini kwamba tiba inasaidia popote itakapotolewa. I² haitamzuia, kwa kuwa ni uwiano tu: inaeleza ni sehemu gani ya mtawanyiko isiyotokana na bahati ya sampuli, na tafiti zikiwa na washiriki wengi hupanda hata tofauti halisi zikiwa ndogo.

Ukubwa wa tofauti unausoma kwenye tau, maana yenyewe iko katika kipimo kilekile cha g. Jumlisha 0.30² na 0.08², tafuta kipeuo cha pili, utapata 0.31. Zidisha kwa 2.11, ambayo ni t ya digrii 17 za uhuru, inakuja karibu 0.66. Haya ndiyo masafa ya ubashiri: utafiti mwingine wa aina hii unaweza kuwa na athari halisi popote kati ya −0.26 na 1.06. Sentensi hiyo iandikwe kwenye matokeo, na kwenye muhtasari pia.

Sasa gawanya tafiti zako. Tuseme 7 ziliwalinganisha vijana waliotibiwa na wenzao waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri, wastani 0.70, na 11 zilitumia huduma ya kawaida au tiba nyingine, wastani 0.22. Sehemu kubwa ya tofauti imeshapata maelezo. Ila angalia pia ukubwa wa sampuli: tafiti za orodha ya kusubiri mara nyingi ndizo ndogo. Kwa hiyo ndizo zinazokaa chini ya faneli, na kwa kuwa athari zao ni kubwa, zinaivuta upande mmoja. Faneli inapinda hata kama hakuna utafiti hata mmoja uliofichwa kabatini.

Kuna mtego mwingine wa kihesabu. Kosa sanifu la g hukokotolewa kwa kutumia g yenyewe, kwa hiyo viwili hivyo vinahusiana tangu mwanzo, na Egger wa kawaida anaweza kupiga king'ora bure. Weka kipimo kinachotegemea idadi ya washiriki peke yake, kisha uingize kundi la kulinganishia kwenye modeli hiyohiyo:

```r
library(metafor)
d$w <- sqrt(1/d$n1 + 1/d$n2)
m <- rma(yi, vi, data = d, test = "knha")
predict(m)
rma(yi, vi, mods = ~ w, data = d, test = "knha")
rma(yi, vi, mods = ~ w + kundi, data = d, test = "knha")
```

Mgawo wa `w` ukinyauka baada ya `kundi` kuingia, andika hivyo: "Mpindo wa faneli ulipungua tulipozingatia aina ya ulinganisho, hivyo hatuwezi kutenganisha kabisa athari ya tafiti ndogo na athari ya orodha ya kusubiri." Usiandike kwamba upendeleo haupo. Kwa tafiti 18 jaribio lina nguvu kidogo, na chini ya 10 silifanyi kabisa. Mbinu ya kupunguza na kujaza nayo huyumba tafiti zinapotofautiana hivi. Iweke kwenye kiambatisho, na namba yake usiiite "athari halisi".

Ushahidi bora wa tafiti zilizofichwa hautoki kwenye faneli. Mwaka 2015 watafiti walifuatilia majaribio 55 ya tiba ya kisaikolojia kwa sonona ya watu wazima yaliyofadhiliwa na NIH ya Marekani. Matokeo ya 13 hayakuwa yamechapishwa. Walipoomba data na kuziongeza, wastani ulishuka kutoka 0.52 hadi 0.39. Kwa vijana nawe unaweza kuanza hivyohivyo: tafuta kwenye ClinicalTrials.gov majaribio yaliyokwisha bila makala, uwaandikie wahusika, na uripoti ni wangapi walijibu. Kwa yale yaliyochapishwa, linganisha kipimo kikuu kilichosajiliwa na kile kilichoripotiwa. Nimeshakutana na jaribio lililosajili CDRS-R, ambayo hujazwa na mtaalamu baada ya mahojiano, huku makala ikitanguliza dodoso alilojaza kijana mwenyewe. Faneli haina namna ya kukuonyesha hilo.