Mkate ulioungua unalipwa na nani? Maswali na majibu kuhusu gharama za kuoka

Mwalimu, nakanda unga wa ngano kilo 20. Ukiweka maji na vingine vyote inafika kama kilo 34. Mkate wangu ni gramu 400, kwa hiyo nilitarajia mikate 85. Mbona haifiki hata 75?

Kwa sababu umegawa uzito wa unga uliokandwa kwa uzito wa mkate uliokwisha iva na kupoa. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na katikati yake kuna maji yaliyopaa.

Tuchukue mkando unaofanana na wako: unga kilo 20, maji kilo 12, sukari kilo 1, mafuta gramu 600, chumvi gramu 400, hamira gramu 200. Jumla ni kilo 34.2. Kabla ya tanuri utapoteza kidogo: unga unaopeperuka, unaoganda kwenye mashine na mezani, na uzito unaopungua unga ukiumuka. Tuseme asilimia 2. Unabaki na kilo 33.5 hivi. Kisha tanuri linakausha. Mkate wa bati hupoteza mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake, ukihesabu mpaka umepoa. Tukishika 12, donge la gramu 460 linatoa mkate wa gramu 405, yaani umevuka 400 kwa nafasi ndogo ya usalama.

Kilo 33.5 ukizikata kwa gramu 460 unapata madonge 72, na kipande cha karibu gramu 400 kinachobaki. Hiyo 72 ndiyo namba ya kuanzia hesabu zako. Ile 85 haikuwahi kuwepo.

Nikitaka mkate wa gramu 400 na najua unapungua asilimia 12, si naongeza asilimia 12 tu juu ya 400?

Hapana, ingawa wengi hufanya hivyo. 400 ukiongeza asilimia 12 inakuwa 448. Sasa toa asilimia 12 ya 448 uone: unabaki na gramu 394, na mteja mwenye mizani atakuuliza. Upungufu ni asilimia 12 ya donge, wala si ya mkate, kwa hiyo gawa: 400 kwa 0.88 ni karibu 455. Ndiyo maana juu nimetumia 460.

Kingine: upime mkate ukiwa umepoa kabisa. Mkate unaotoka tanurini bado unatoa mvuke na unaendelea kupungua. Ukiupima ukiwa moto ukaona 410, ukafurahi, unaweza kuukuta chini ya 400 wakati wa kuufunga.

Kwangu hakuna uchafu. Mikate inayoharibika ni ya kuhesabu kwa vidole. Lakini mwezi ukiisha faida haionekani. Inapotelea wapi?

Ningeanza na meza ya kukatia. Hasara hii haionekani kwenye ndoo ya taka kwa sababu mteja anaibeba kwenda nayo nyumbani. Mkataji anakata kwa mkono, anaogopa mkate usije ukawa mdogo, basi kila donge linakwenda gramu 475 badala ya 460. Gramu 15 ni kama kijiko cha unga tu, hakuna anayeiona. Lakini zile kilo 33.5 sasa zinatoa madonge 70 badala ya 72. Mikate miwili imepotea kwenye kila mkando, na hakuna hata mmoja ulioungua.

Tutie fedha, sarafu weka yako. Viungo vya mkando mzima tuseme ni 21,600. Moto na ujira wa kuoka 10,800. Jumla 32,400, mifuko haimo kwa sababu unafunga mikate mizuri tu. Mikate ikiwa 72 kila mmoja umegharimu 450. Ikiwa 70, umegharimu 463. Ukiuza kwa 500, ile 50 uliyodhani ni faida imekuwa 37.

Na mwenye kutumia ile 85 aone mwenyewe: anagawa 32,400 kwa 85, anapata 381, anaamini ana faida ya 119 kwa mkate. Huyo anaweza kushusha bei kwa moyo mkunjufu akijiumiza.

Kujua hasara iko wapi, pima mahali pane: unga ukitoka kwenye mashine, madonge kumi yaliyokatwa bila kumwambia mkataji, mikate hiyohiyo kumi ikitoka tanurini, na tena ikipoa. Madonge yakiwa mazito, tatizo ni mezani. Madonge yakiwa sawa lakini mkate uliopoa umepungua asilimia 15, angalia tanuri: mara nyingi joto liko chini, mkate unakaa muda mrefu ukitafuta rangi, huku unakauka. Utaona na ganda lake limekuwa nene. Kwa upungufu huo donge la 460 linatoa gramu 391. Ukiamua kuongeza donge liwe gramu 471 badala ya kurekebisha joto, mkando unashuka hadi mikate 71, kila siku.

Katika 72 kawaida mitatu inatoka vibaya, imekunjamana au imeungua. Hasara ya kila mmoja ni shilingi ngapi hasa: bei ya unga au bei ya mkate?

Inategemea umeharibika ukiwa umefika wapi. Donge likianguka sakafuni kabla ya tanuri, limekula viungo tu: 21,600 kwa 72, yaani 300. Mkate ukiungua umekula viungo, moto na kazi: 450. Unga ni uleule, lakini wa pili umebeba safari nzima. Ndiyo maana donge lenye kasoro ni bora likamatwe mezani. Kulipitisha tanurini kwa matumaini kwamba litajirekebisha ni kulitilia gharama nyingine juu.

Sasa mikate ile mitatu haijilipii. Inalipiwa na 69 mizuri: 32,400 kwa 69 ni 470 kwa kila mmoja, kwa kukadiria. Kwa bei ya 500 faida ya mkando imeshuka kutoka 3,600 hadi 2,100. Mikate mitatu ni karibu asilimia 4 ya mkando, lakini imekula zaidi ya theluthi moja ya faida. Hili hutokea popote faida ya kila kitu ni nyembamba.

Kuna jambo moja la kuongeza, maana vitabu vya hesabu hulipita haraka. Kama kila siku mikate inakuishia na wateja bado wapo mlangoni, na tanuri lako halina nafasi ya kuoka zaidi, basi mkate ulioungua umekunyima mauzo ya 500 yote. Kama jioni mikate hubaki, hasara yake halisi ni ndogo: viungo na sehemu ya moto, kwa kuwa ujira ungelipa vilevile. Usitumie namba moja kwa hali zote mbili.

Ile iliyokunjamana nasaga kuwa chenga na kuuza. Ni mapato, au nafanyaje?

Ipunguze kwenye gharama ya mkando, usiiweke pamoja na mauzo ya mikate. Tuseme ile mitatu yote imekunjamana tu: ukipata 450 kwayo baada ya kutoa moto wa kuikausha na muda wa kuisaga, gharama inakuwa 31,950, na kila mkate mzuri 463 badala ya 470. Sisitiza hilo la "baada ya kutoa". Nimeona watu wanawasha tanuri tupu saa nzima kukausha chenga ambazo bei yake haifiki gharama ya moto huo. Mkate ulioungua hauingii hapa, chenga chungu zitaharibu na nyingine.

Unga mbichi uliobaki, ile gramu 400, uingize kwenye mkando unaofuata siku hiyohiyo, kidogokidogo. Ukiingiza mwingi uliokwisha umuka unavuruga mkando mzima. Na ukiurudisha, usiuhesabu mara mbili: uzito wake utolewe kwenye mkando wa kwanza na uingie wa pili.

Mikate isiyouzwa nayo niiweke kwenye hasara ya uzalishaji?

Hapana. Huo ni mkate mzuri uliokosa mnunuzi. Ukiuchanganya na ulioungua utaanza kumlaumu mwokaji wakati kosa ni la kupanga idadi.

Mimi ni fundi cherehani, nimesoma majibu yako. Vipande vinavyobaki nikikata mashati niviongeze kwenye bei ya kitambaa?

Usiviongeze juu, vimo tayari. Chukua mita zilizotoka kwenye jora, pamoja na zile za mwisho zisizotosha shati, zigawe kwa mashati mazuri yaliyokamilika. Hapo vipande vyote vimelipiwa. Ukishafanya hivyo kisha ukaongeza tena "asilimia ya vipande", umemtoza mteja mara mbili.

Angalia tu kitambaa kinachosinyaa, pamba hasa. Jora la mita 100 likisinyaa asilimia 5 ukilifua kabla ya kukata, una mita 95 za kugawa na hasara inaishia kwenye kitambaa. Lisipofuliwa, shati linarudi likiwa dogo, na limekwisha beba uzi, vifungo na siku yako.

Juzi tanuri lilizidisha joto, mikate 20 ikaungua katika 72. Niongeze bei wiki hii?

Usiguse bei, wala usiguse gharama ya mkate. Mitatu ni kawaida yako, na hiyo imeshaingia kwenye 470. Zile 17 zilizozidi ni hasara isiyo ya kawaida. Ulizobaki nazo ni 52, ziandike kwa 470 kila moja kama siku zote. Zile 17 nazo ziandike kwa 470, si 450, kwa sababu kama zingetoka salama nazo zingebeba fungu lao la ile mitatu. Ni kama 7,990, na inakwenda moja kwa moja kwenye hasara ya kipindi hicho. Kanuni za kimataifa za uhasibu wa bidhaa, IAS 2, nazo zinakataa upotevu usio wa kawaida kuingizwa kwenye gharama ya bidhaa.

Ungegawa 32,400 kwa 52 ungepata 623 kwa mkate, na ungedhani unauza kwa hasara kila siku. Lakini kama tanuri linazidisha joto mara mbili kwa mwezi, kila mwezi, usiendelee kuiita ajali. Chukua rekodi za miezi mitatu, hesabu wastani mpya wa mikate inayoharibika, uone kama 500 bado inatosha, kisha uilinganishe na bei ya kubadilisha kidhibiti joto.