Mwaliko wa mkutano mkuu: wadaiwa wa ada waitwe?

"Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima. Mkutano mkuu wa mwaka una uchaguzi wa viongozi na wengi hawajalipa ada. Niwaalike wadaiwa au niwaruke?"

Ndugu katibu, waalike wote. Mdaiwa bado ni mwanachama mpaka aondolewe kwa utaratibu. Ukimruka, anaweza kupinga uchaguzi mzima kwa hoja kwamba hakupewa taarifa. Kinachoweza kuzuiwa ni kura yake na kugombea kwake, tena kama masharti yenu yanasema hivyo. Yakisema, nukuu kifungu chenyewe kwenye mwaliko: "Ambaye hatakuwa amelipa ada hadi tarehe fulani, saa kumi jioni, hatapiga kura wala kugombea."

Tarehe hiyo itangulie mkutano kwa siku kadhaa, mhazini apate kufunga daftari na kuandaa orodha ya wapiga kura. Mkipokea malipo mlangoni, mtashangaa mgombea akiwalipia watu foleni nzima.

Deni la kila mtu liandike kwenye barua yake, usilibandike ukutani. Mwombe aje na stakabadhi kama anabisha, maana mara nyingine kosa liko daftarini. Na kwenye ajenda, taarifa ya hesabu na madeni itangulie uchaguzi, ili kamati inayoondoka ijibu ikiwa bado madarakani.