Ribosomu moja, dawa tatu: kwa nini jentamisini inaua na doksisiklini inazuia tu

Swali: Jambo Docta. Niko mwaka wa tatu wa famasia hapa Bukavu. Tunafundishwa kwamba jentamisini, doksisiklini na azitromisini zote zinapiga ribosomu ya bakteria, protini zinakosa kutengenezwa. Kama kazi ni moja, kwa nini ya kwanza inaitwa dawa ya kuua na hizi mbili zinaitwa za kuzuia? Halafu kwenye mazoezi ya hospitali nilimwona mgonjwa mwenye usaha tumboni baada ya kidole tumbo kupasuka. Maabara ilitoa E. coli yenye alama S kwa jentamisini, yaani dawa inamweza, akachomwa siku nne, homa haikushuka. Dawa ya kuua imeshindwaje?

Jibu: Jambo ndugu yangu. Maswali yako mawili yana jibu moja, ila itabidi tupite kwanza ndani ya ribosomu.

Ribosomu ya bakteria ina vipande viwili. Kile kidogo, 30S, husoma RNA mjumbe herufi tatu tatu. Kile kikubwa, 50S, huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, na protini changa hutokea kwenye handaki jembamba lililopita katikati yake. Kila asidi amino huletwa na RNA ndogo, tuiite mbebaji, ambayo huingia kwenye nafasi inayoitwa A. Mbebaji akikubaliwa, mnyororo unaongezeka kwa asidi moja, ribosomu inasogea herufi tatu mbele. E. coli aliyeshiba hufanya hivyo mara kumi na tano hadi ishirini kwa sekunde.

Doksisiklini ndiyo rahisi kueleza. Inakaa juu ya 30S, ikisaidiwa na ioni ya magnesi, mahali hasa ambapo mbebaji angelala akishaingia nafasi A. Mbebaji analetwa, nishati ya GTP inatumika kama kawaida, lakini hapati pa kukaa, anaondoka. Mnyororo haurefuki. Dawa yenyewe haijafungwa pale milele: ikipungua mwilini inaachia, na ribosomu inaendelea ilipoishia. Bakteria alikuwa amesimama, hakufa. (Huko kupenda magnesi na kalsiamu ndiko kunakofanya tetrasiklini ya zamani isifyonzwe vizuri ikimezwa pamoja na maziwa au dawa za kiungulia. Inakamatwa tumboni kabla ya kufika kwenye damu.)

Azitromisini na ndugu yake eritromisini hazigusi 30S. Zinaingia kwenye handaki la 50S, karibu na pale asidi amino zinapounganishwa, na kushika adenini namba 2058 ya RNA kubwa ya kipande hicho. Mnyororo unaanza vizuri, unafika asidi sita, nane, labda kumi, halafu unakutana na dawa njiani. Mara nyingi unadondoka ukiwa bado umeshikamana na mbebaji wake. Vitabu vingi vinasema dawa za kundi hili, makrolidi, ni kizibo, lakini hilo ni nusu ya habari: handaki halizibwi lote, na kuna protini ambazo mwanzo wake una umbo la kupenya pembeni ya dawa. Bakteria anabaki na protini chache, hazimtoshi kukua. Akipata kimeng'enya cha Erm, kinachobandika metili kwenye adenini ile ile ya 2058, dawa inakosa pa kushika, na klindamisini inaanguka pamoja nayo kwa sababu inategemea kona hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiona eritromisini ina R, yaani dawa imeshindwa, na klindamisini ina S kwenye stafilokoki, usifurahi kabla maabara haijaweka vidonge hivyo viwili jirani kwenye sahani moja na kuangalia kama duara la klindamisini limebonyea upande wa eritromisini.

Sasa jentamisini. Nitakaa hapa zaidi kwa sababu ndipo swali lako lilipo.

Mbebaji anapoingia nafasi A, 30S hukagua kama herufi zake tatu zinalingana na zile za RNA mjumbe. Ukaguzi unafanywa na adenini mbili za RNA ya kipande kidogo, namba 1492 na 1493. Kwa kawaida zimejikunja ndani. Herufi zikilingana sawasawa, zinachomoza nje na kugusa ule muungano wa herufi, na mguso huo ndio ishara kwamba mbebaji akubaliwe. Wasiolingana hawaamshi ishara, wanatupwa. Kwa njia hiyo ribosomu hukosea takriban mara moja kwa kila asidi elfu moja hadi elfu kumi.

Jentamisini inajichomeka chini ya adenini hizo mbili na kuzisukuma nje zibaki nje. Ni kama ofisa wa bandarini anayegonga mhuri kabla hujamwonyesha kitambulisho: kila aliye kwenye foleni anapanda meli. Mbebaji anayefanana kidogo tu na yule sahihi anapita, na asidi amino isiyostahili inaingia kwenye mnyororo. Jambo hili lilionekana maabarani mapema sana. Mwaka 1964 Davies, Gilbert na Gorini walitumia RNA yenye herufi U peke yake, ambayo inatakiwa kutoa fenilalanini tupu. Walipoongeza streptomisini, isolisini ikaanza kuingia. Streptomisini inashika kwa namna tofauti kidogo na jentamisini, lakini ni mtaa ule ule wa 30S, na matokeo ni usomaji mbovu.

Basi tazama tofauti. Chini ya doksisiklini, ribosomu imetulia. Chini ya jentamisini, ribosomu inafanya kazi kwa bidii na inatoa protini mbovu. Nyingi kati ya hizo zilikuwa ziende kwenye utando wa seli. Zinaingia zikiwa zimepinda, utando unaanza kuvuja, jentamisini zaidi inaingia kwa kasi, makosa yanazidi, utando unazidi kuharibika. Bakteria hawezi kurudi nyuma kutoka hapo hata ukiondoa dawa.

Utajuaje kwamba ni makosa yanayoua na si kule kushikwa kwa 30S? Kuna ushahidi wa aina mbili ninaoupenda. Spektinomisini, ambayo wazee wetu waliitumia kwa kisonono, nayo inashika 30S na ni jamaa wa karibu wa kundi hili, lakini haisababishi usomaji mbovu. Kwa E. coli inazuia tu, haiui. Ushahidi wa pili: ukimpa bakteria kloramfenikoli kwanza, utengenezaji wa protini unasimama, na ukimwongezea streptomisini baadaye haimuui vizuri kama ingekuwa peke yake. Hakuna protini zinazotengenezwa, kwa hiyo hakuna protini mbovu za kupasua utando.

Sasa mgonjwa wako. Jentamisini ni molekuli yenye chaji nyingi chanya, haipiti utando kwa kujipenyeza. Inavutwa ndani na tofauti ya umeme iliyopo kati ya ndani na nje ya utando, na tofauti hiyo bakteria huijenga hasa anapopumua oksijeni. Kwenye usaha uliofungwa tumboni hakuna oksijeni ya maana, na pH imeshuka. E. coli anaweza kuishi humo bila oksijeni, lakini mvuto wake wa umeme umepungua sana, na jentamisini inabaki nje ya mlango. Ribosomu iliyo ndani ni dhaifu kwa dawa vilevile, ila haikutani nayo. Pia usaha hauna mishipa ya damu, kwa hiyo dawa inafika kidogo tangu mwanzo.

Na ile alama S? Fikiria jinsi ilivyopatikana. Maabara ilitandaza E. coli kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye pH 7.2 hadi 7.4, ikaweka kidonge cha karatasi chenye mikrogramu 10 za jentamisini, ikaiacha usiku kucha kwenye hewa ya kawaida. Bakteria alikuwa anapumua vizuri. Antibiogramu haikudanganya, ilijibu swali la bakteria kwenye sahani. Tena humo tumboni hakuwa peke yake: kidole tumbo kikipasuka, bakteria wasiotaka oksijeni kama Bacteroides wanamwagika pamoja naye, na hao jentamisini haiwagusi kabisa. Sahani iliyokaa kwenye hewa haikuwaotesha hata kidogo, ndiyo maana karatasi ilikuwa na jina moja.

Kosa ambalo hufuata hapo ni kuongeza dozi. Usifanye hivyo. Usaha hautabadilika, lakini figo na masikio yatalipa. Ribosomu za mitokondria zetu zinafanana na za bakteria kuliko zile nyingine za seli, na kuna watu waliorithi badiliko moja, A kuwa G kwenye namba 1555 ya DNA ya mitokondria, linalofanya nafasi A yao ifanane zaidi na ya bakteria. Hao wanaweza kupoteza usikivu hata kwa dozi ya kawaida. Mgonjwa wa namna hii anahitaji kutolewa usaha na daktari wa upasuaji, na metronidazoli iwepo kwa ajili ya wasiotaka oksijeni. Ukiona homa inashuka siku moja au mbili baada ya usaha kutoka, wakati dawa ni zile zile, umeona nani alikuwa kikwazo.

Lakini usiondoke hapa ukidhani dawa ya kuzuia ni ya daraja la pili. Kwenye maabara "kuua" maana yake ni kupunguza bakteria kwa asilimia 99.9 ndani ya saa 24, yaani milioni moja kubaki elfu moja. Ni mpaka uliochorwa na watu, na azitromisini huuvuka kwa baadhi ya streptokoki. Kwa kipindupindu, ugonjwa tunaoujua sana pande hizi za ziwa, doksisiklini ya miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima inafaa sana, baada ya maji na chumvi ambavyo ndivyo tiba yenyewe. Sumu inayomwaga maji ya mgonjwa ni protini. Ribosomu ikisimama, sumu mpya haitengenezwi, na utumbo unasukuma bakteria nje. Ila lazima dawa ishike: kipindupindu kilichowamaliza wakimbizi Goma mwaka 1994 kilikuwa hakisikii tetrasiklini wala doksisiklini.

Nakuachia moja la kumuuliza mwalimu wako. Kwa mantiki ya kloramfenikoli niliyokueleza, kuchanganya doksisiklini na jentamisini kungekuwa upuuzi. Hata hivyo kwa brusela, ambayo wafugaji wa Kivu wanaijua kwa homa isiyoisha, doksisiklini ya wiki sita pamoja na streptomisini au jentamisini mwanzoni ni kati ya michanganyiko inayozuia vizuri zaidi ugonjwa usirudi. Brusela hujificha ndani ya seli zetu, ambako doksisiklini inaingia kwa urahisi na jentamisini kwa shida, hivyo dawa hizo mbili kwa sehemu kubwa hazikutani kwa bakteria yule yule.