Anguko la roshani: mtu wa stanti analindwaje?

"Wakuu, nimeona filamu jamaa anasukumwa kutoka roshani ya ghorofani, anaanguka kinyumenyume mpaka anapotea kwenye picha. Huwa wanapanga vipi asivunjike? Ni magodoro tu au kuna kingine?"

Mkuu, nimefanya kazi hii miaka kadhaa, kwanza kama mwangukaji, baadaye kama msaidizi wa mratibu wa stanti. Kazi yangu kubwa ilikuwa kujenga na kulinda kile mtu anachoangukia, kwa hiyo nitakujibu kwa mfano wako huohuo wa roshani.

Mratibu akikuta kwenye skripti "anasukumwa, anaanguka", anauliza kwanza mtazamaji anahitaji kuona nini. Mara nyingi anguko linagawanywa vipande. Mwigizaji mwenye uso unaojulikana anapigwa picha akisukumwa kwenye jukwaa fupi lenye godoro nyuma yake. Mtu wa stanti ndiye anayeanguka kweli. Halafu mwigizaji anarudi kulala chini kana kwamba ndipo alipotua. Hivyo hatari inabaki kwenye kipande kimoja na kwa mtu mmoja.

Sasa tuchukue kipande hicho. Tuseme ukingo wa roshani uko mita 8 kutoka chini. Tunapanga maboksi ya karatasi ngumu yenye sentimita 50 kila upande, matabaka matatu, kwa hiyo kitanda hicho cha maboksi kinakuwa na kimo cha mita 1.5 na anguko lenyewe linabaki mita 6.5. Mtu atakaa hewani sekunde 1.15 hivi na kufika kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Mwendo wote huo unatakiwa uishe ndani ya mita moja hivi ya maboksi kupondeka. Uzuri wa boksi ni kwamba likipondeka limepondeka, halimrushi mtu tena juu. Ila haliwezi kufungwa tepu pande zote, kwa sababu hewa ikikosa njia ya kutoka boksi linakuwa gumu. Vifuniko tunavikunja tu, tunatoboa matundu, kisha tunazungusha kamba kuzunguka kitanda kizima ili maboksi yasitawanyike mtu akitua. Juu tunaweka mikeka ya sponji, mkono au mguu usije ukapenya katikati ya maboksi mawili, na mwisho turubai. Karatasi ikilowa, hata kwa umande, tunatoa maboksi yote na kuweka mengine.

Kwa vimo vikubwa hutumika mfuko wa hewa unaojazwa na feni na wenye matundu ya kutolea hewa. Nao una mipaka yake. Mwaka 1978 A.J. Bakunas aliruka kutoka jengo la zaidi ya mita 90 huko Kentucky, Marekani, mfuko ukapasuka alipotua, akafariki.

Lakini kinachoninyima mimi usingizi si kimo. Ni pembeni. Mwaka 2017 John Bernecker alifariki huko Georgia, Marekani, baada ya kuanguka kutoka roshani ya mita chache tu, kimo ambacho watu wa kazi hii wanakiona cha kawaida. Hakutua pale palipoandaliwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mpango ni kujua mtu atatua wapi, na ni kitu gani kinaweza kumpeleka kwingine.

Rudi kwenye ile sekunde 1.15. Mtu akiiacha roshani kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde kwenda nje, atatua kama mita 1.15 kutoka ukutani. Akisukumwa kwa nguvu akaondoka kwa mita 2 kwa sekunde, atatua mita 2.3. Tofauti ya msukumo ambayo jicho halioni vizuri imeshamhamisha zaidi ya mita nzima. Kwa hiyo anayesukuma naye anakuwa mtu wa stanti, tena hasukumi kwa nguvu: anagusa tu kifua, na mwangukaji ndiye anayejiondoa mwenyewe kwa nguvu aliyoizoea mazoezini.

Hatari ya pili ni kukamatwa. Kidole kikinasa kwenye shati, au mwangukaji akishika ukingo bila kukusudia, mwili unazunguka na kushuka karibu na ukuta badala ya kwenda nje. Hapo ndipo pengo la nusu mita kati ya ukuta na maboksi linapoua. Sisi tunajenga kitanda kikigusa ukuta kabisa, halafu tunakirefusha nje na pembeni kupita pale tunapotarajia atue. Mbao za ukingo utakaovunjika zinakuwa nyepesi na zimekatwa nusu mapema, na viatu atakavyovaa siku ya kurekodi ndivyo anavyofanyia mazoezi.

Mazoezi yanaanza mita 2 tu. Anajifunza kujiangusha kinyumenyume, mwili ugeuke kiasi cha kutua mgongo mzima kwa pamoja, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani. Akitua kwa miguu atapenya maboksi na magoti yatampiga usoni. Akigeuka kupita kiasi anatua kwa shingo, na hilo ndilo tunaloliogopa kuliko yote. Tunabandika msalaba wa tepu kwenye turubai, na mtu mmoja anarekodi kutoka juu kila anguko. Kanuni tuliyoitumia: akitua zaidi ya nusu mita kutoka msalabani, au kila mara mahali tofauti, hapandi kimo kinachofuata. Haijalishi yeye mwenyewe anasema yuko tayari.

Siku ya kurekodi ina shinikizo lake. Niliwahi kuwa kwenye seti ambako mwongozaji aliona pembe ya turubai kwenye picha, akaomba tuvute kitanda mita moja upande wa kushoto. Kwa macho yake ilikuwa kazi ya dakika mbili. Mratibu wetu alimwonyesha video za mazoezi na alama za kutua, akamweleza kwamba mita moja hiyo ndiyo akiba yote tuliyo nayo upande ule. Walibishana kidogo. Mwisho kamera ilishushwa, na mbele ya kitanda likasogezwa gari lililokuwa tayari sehemu ya mandhari, likaificha ile pembe. Tulipoteza karibu saa nzima. Mratibu asiye na mamlaka ya kukataa namna hiyo, mimi nisingemrukia.

Kuhusu amri: mwongozaji akishasema aanze, bado mwangukaji haendi. Anasubiri mkono wa mkuu wa kitanda, ambaye amekagua kamba na turubai na kuondoa kila mtu. Baada ya mkono huo kuinuliwa hakuna anayegusa kitu. Mtu yeyote pale, hata mbeba taa, anaweza kupaza sauti "simama", na hakuna atakayemlaumu, kwa sababu mwangukaji akishaondoka ukingoni hakuna wa kumrudisha. Gari la wagonjwa liko tayari na njia yake haijazibwa na magari ya vifaa.

Akitua, anabaki amelala mpaka mratibu afike na kuongea naye, hata kama yuko sawa, kwani msisimko unaficha maumivu. Na mwongozaji akitaka kurudia, kitanda kinabomolewa na kujengwa upya. Boksi lililopondeka mara moja linaonekana zima likiwa chini ya turubai, ila halina tena kitu cha kumpa mtu wa pili. Kujenga upya ni kazi ndefu, kwa hiyo kwenye bajeti unaweka maboksi ya maanguko yote unayokusudia, pamoja na ya anguko moja la ziada.