Kuuza chupa za chai zilizoko Nairobi: nani ni muuzaji, na kioo kikivunjika nani analipa?

Swali: Assalaamu alaykum sheikh. Niko Manyatta, Kisumu. Nauza chupa za chai na vyombo kwa WhatsApp, sina duka wala stoki. Mteja akinitumia 2,100, mimi namtumia muuzaji wa Nairobi 1,700, yaani 1,450 ya chupa na 250 ya basi, naye anafunga na kumpelekea mteja moja kwa moja. Juzi chupa ilifika Kondele kioo kimepasuka ndani. Mteja anataka pesa zake, muuzaji anasema aliitoa nzima, na watu wa basi wanasema vitu vya kioo husafiri kwa hatari ya mwenyewe. Wenzangu wanaiita dropshipu na wengi wanaifanya. Je, ni halali? Na hasara hii ni ya nani?

Jibu: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, dada yangu. Nitaanza na swali lako la kwanza, maana ukijua nani alikuwa muuzaji wa chupa ile, la pili linajijibu.

Sahaba Hakiim bin Hizaam alikuwa mfanyabiashara, akamuuliza Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, jambo linalokaribia sana lako: mtu hunijia akitaka kitu nisicho nacho, je, nimuuzie kisha niende sokoni nikamnunulie? Akajibiwa: "Usiuze usichokuwa nacho." Wameipokea Tirmidhi, Abu Daud na wengineo. Katika hadithi nyingine Mtume amekataza faida ya kitu ambacho mtu hakukibebea dhamana. Hapo ndipo penye fundo. Faida huhalalika kwa sababu mwenye kuichukua ndiye pia ambaye angeumia kitu kingeharibika. Wewe ulipompokea mteja 2,100, chupa ilikuwa rafuni kwa mtu mwingine. Hukuwa umeinunua, hukuwa na mkono juu yake, na huenda hata haikuwapo. Umeuza kwa jina lako mali ya mwenzio. Katika madhehebu yetu ya Shafi uuzaji huo hausihi, na hata ukishanunua kitu huruhusiwi kukiuza tena kabla hujakipokea, wewe au wakala wako.

Kwa hiyo jinsi unavyoifanya sasa, hapana. Lakini usifunge biashara. Kilichoharibika ni mpango wa mkataba, na unarekebishika.

Kwanza lakini tazama hesabu yako, kwa sababu naona wengi wanaoniuliza suala hili hawajaifanya. Kutuma 1,700 kwa M-Pesa kunakula kama shilingi 33, basi kila chupa inakuachia 367. Chupa kumi ni 3,670. Moja ikivunjika unarudisha 2,100 na ada ya kutuma 33, unabaki na 1,537 kwa kazi ya chupa kumi. Zikivunjika mbili katika kumi, umeingia hasara ya 596, na sijahesabu bando wala muda wako. Chupa yenye kioo ndani ikisafiri usiku kwenye buti la basi, kilomita zaidi ya 300 kupitia Nakuru, juu yake kuna magunia na masanduku ya watu, mbili katika kumi si ndoto. Ile 367 uliyokuwa ukiiona ni faida ilikuwa bei ya hatari ambayo hukuwa unajua umeibeba.

Sasa njia. Ninayokupendelea wewe hasa ni udalali. Uende kwa yule muuzaji umwambie: mali ni yako, mimi nakutafutia wateja Kisumu, kila chupa nitakayouza kwa niaba yako unipe 350. Mmekubaliana kiasi, basi wewe ni dalali wake, na unachokula ni ujira wa kazi. Huuzi usichokuwa nacho, kwa sababu muuzaji ni mwenye mali. Pesa mteja anaweza kuzituma kwenye tili ya duka moja kwa moja, au zipite kwako kama amana. Kuna wenye maduka husema: "Mimi nataka 1,450 yangu, cha juu ni chako." Ibn Abbas amepokewa akisema hakuna ubaya katika hilo, na Imam Ahmad amelikubali. Mashafi hawakulipenda kwa vile ujira haujulikani. Mimi nakushauri kiasi maalumu, kwani kitakuepusha na ugomvi kabla hakijakuepusha na khilafu ya wanazuoni.

Ukiwa dalali, mteja ajue. Si lazima umtajie duka, wala kamisheni yako haimhusu, lakini tangazo lisiseme "chupa zangu". Andika: mali iko Nairobi, nauza kwa niaba ya duka. Najua hofu yenu, kwamba mteja akijua atakuruka. Wengine watakuruka kweli. Na wenye maduka wengine hutia kadi yao yenye namba ndani ya mzigo ili wamchukue mteja wako. Hilo mlizungumze naye mapema, maana kulizuia ni sharti baina yenu wawili, na Waislamu hufungwa na masharti yao.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba chupa ikivunjika kabla ya kumfikia mteja aliyeuziwa kwa sharti la kufikishiwa Kisumu, hasara ni ya duka. Bila shaka mwenye duka hatapenda. Huenda akakwambia basi bei yangu ni 1,550. Mkubalie kama soko linabeba, maana hiyo mia ndiyo bei halisi ya hatari ile. Akikataa kabisa kubeba hatari ya mali yake mwenyewe hata kwa nyongeza, amekupa habari muhimu kuhusu anavyofunga mizigo.

Njia ya pili ni kuwa wakala wa mteja. Unamwambia: chupa dukani ni 1,450, basi ni 250, ujira wangu wa kukuagizia ni 350. Hapa lazima aijue bei ya kweli, maana wakala hawezi kumficha aliyemtuma nyongeza akaila. Wakala ni mwaminifu, halipi kilichoharibika ila akizembea. Lakini mteja naye aelezwe waziwazi, kabla hajatuma pesa, kwamba kioo kikipasuka njiani ni juu yake. Ukimweleza hivyo wengi watasita, na wana haki ya kusita.

Wengine huniuliza kuhusu bai-salam, yaani mteja kulipa yote mbele kwa kitu kilichosifiwa na kitakacholetwa siku maalumu. Inafaa, ila muuzaji ni wewe mpaka mwisho, na hasara yote ni yako, kwa hiyo kwa vioo sikushauri. Na haiendi pamoja na "lipa mzigo ukifika", kwa sababu thamani lazima itolewe pale pale mnapofunga mkataba.

Katika njia yoyote, kumjua unayemtangazia mali ni sehemu ya amana. Mtume alitia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, akamwambia mwenyewe kwa nini hukuweka palipolowa juu watu wapaone. Picha ya WhatsApp ni juu ya rundo. Basi nunua moja kwanza kwa pesa yako, ije kwa basi lilelile, bila kumwambia muuzaji ni ya kujaribu. Ikifika, itikise sikioni. Kioo kilichopasuka hulia ndani kama changarawe. Kama kimya, tia maji yanayochemka, funga, subiri dakika kumi ushike ubavu na kitako. Ukihisi joto nje, ule utupu ulio kati ya kuta mbili za kioo umekwisha, na chupa haitahifadhi chai hata kama inang'aa. Tazama pia alivyofunga: je, chupa iko kwenye boksi lake ndani ya boksi jingine lenye magazeti, au amezungusha nailoni tu?

Kisha omba video fupi, si picha, ya chupa yenyewe ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Anayetumia picha za watu hataweza. Jina linalotokea unapolipa kwenye tili lifanane na la duka. Na usipokee hata shilingi ya mteja kabla hujauliza asubuhi hiyohiyo kama rangi ile ipo. Muuzaji anayesema "zimeisha" baada ya kupokea pesa, au anayebadilisha nyekundu kwa bluu bila kuuliza, akifanya mara mbili, achana naye.

Udhibiti wa njiani huna, lakini mwisho wa njia unaweza kuusimamia. Mzigo uandikwe jina lako, uishie steji Kisumu, na bodaboda mmoja unayemwamini aupokee kwa niaba yako, autikise na kuufungua palepale mbele ya karani wa basi kabla ya kwenda Kondele. Shilingi mia ya ziada ya bodaboda itakujulisha kioo kilipasukia upande gani wa steji, na hilo ndilo ambalo leo hujui.

Sasa chupa ya Kondele. Mteja hakukufanya wakala wake wala hukumwambia una duka la mtu nyuma yako. Alinunua kwako, na uuzaji wenyewe ulikuwa na kasoro. Mrudishie 2,100 yake kamili, usikate ya basi, wala usimpe maneno ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Usimtume kwa muuzaji pia, kwani hamjuani.

Baina yako na muuzaji ni kesi nyingine. Wewe ndiye uliyemwagiza apeleke kwa basi, kwa hiyo alipokabidhi mzigo mzima uliofungwa sawasawa, ulikuwa umeingia mkononi mwako kwa mkono wa basi. Mkihitilafiana kama kasoro ilitokea kabla au baada, na huna ushahidi, kauli ni yake kwa kiapo. Lakini mwombe mteja akupigie picha boksi kabla hajalitupa. Likiwa ni nailoni tupu bila kitu cha kuzuia mgongano, basi muuzaji aliyechukua jukumu la kufunga amezembea, na unaweza kumdai 1,450 na ile 250. Asipokuwa nayo yote, pataneni nusu.

Ulizokula huko nyuma bila kujua, na wateja waliridhika na walichopata, sikuambii uzirudishe. Tubu, na oda inayofuata iandike kwa mkataba mpya. Ila kama yupo mwingine aliyewahi kulalamika ukamnyamazia, yeye naye anadai.

Wallahu a'lam.