"Tafiti zinaonyesha": zipi hizo?

*Kaka, kwenye kipeperushi cha kikundi chetu hapa Kondoa nimeandika "tafiti zinaonyesha sumukuvu imeua watu wengi", mwenzangu anasema nifute. Nifute?*

Usifute, jaza. Hapo kuna kitu cha kweli ila umekificha. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua, 20 wakafariki, na uchunguzi wa Kamala na wenzake uliochapishwa 2018 ukakuta mahindi ya kaya za wagonjwa yana sumukuvu nyingi kuliko ya kaya ambazo hazikuugua. Sasa andika hivyohivyo: nani, lini, wapi, alikuta nini. Ona "watu wengi" imepata namba, na "tafiti" imekuwa utafiti mmoja, maana ndo huo ulio nao mkononi, usiuongezee tafiti nyingine ambazo hujazisoma. Halafu chunga usipitilize. Uchunguzi ule ulikuwa wa mlipuko ule, kwa hiyo ukiandika "mahindi ya Dodoma yana sumu" umeshatoka nje ya chanzo chako, na hilo ni baya kuliko ulivyoanza, coz sasa kuna jina la mtu limebeba maneno ambayo hakuyasema.

*Nahariri ripoti ya mtu, kaandika "wataalamu wengi wanakubaliana mtama ndo unaoifaa Dodoma". Nikiweka "wataalamu wa kilimo" si inatosha?*

Haitoshi, bado hawana majina. Na hilo neno "wengi" linataka mtu aliyewahesabu, yeye kahesabu lini? Bahati nzuri dai lenyewe halihitaji wataalamu, linahitaji sababu: huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, ni chache na katikati hukatika, na mtama unavumilia ukame kuliko mahindi. Weka hiyo, wataalamu waondoke, sentensi inasimama yenyewe. Ila kama mwandishi aliongea kweli na mtafiti, tuseme wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Hombolo, muulize pembeni "ni nani, alisemaje?" na umsubiri ajibu. Usimchomekee jina ulilokuta gugo, wewe ni mhariri, hukuwepo kwenye hayo mazungumzo.

*Nimetafuta chanzo cha "tafiti zinathibitisha zabibu za Dodoma ni bora Afrika nzima", sijapata kitu.*

Basi dai linatoka, na "tafiti" zake. Wengi hapa wanaweka "baadhi ya tafiti" wakidhani wamepunguza makali, wakati hizo baadhi nazo hazipo. Kama nia ilikuwa kuzisifia zabibu, andika kinachoonekana shambani, kwamba Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Si sawa na "bora", najua, ni dai lingine dogo, lakini hilo unaweza kulitetea mtu akikuuliza.

*Na "inasemekana"?*

Kwenye hadithi ya bibi iache. Kwenye ripoti, sema aliyesema.