Ubeti mmoja wa kuchangisha mablanketi: mizani, bei na namba ya kulipia

*Swali: "Kikundi chetu hapa Kayole kinachangisha mablanketi 60 ya wazee wa Korogocho, baridi hii ya Julai. Blanketi moja ni shilingi 800. Niliandika shairi la beti saba nikalituma kwa magrupu ya WhatsApp, watu wanasema 'safi sana' lakini pesa haziingii. Nilifupishe vipi na bado liguse?"*

Beti saba za mishororo minne ni kama herufi elfu moja. WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuweka "Soma zaidi", kwa hiyo aliyeko matatuni anaona beti za mwanzo tu. Ubeti wako wa kwanza bila shaka ni salamu. Bei na namba ya kulipia ziko chini kabisa, mahali ambapo hakufika. Anayekuandikia "safi sana" amelisifu shairi kwa sababu hakuna kingine alichoombwa kufanya pale alipoachia.

Bakisha ubeti mmoja. Ufanye tarbia ya kawaida, mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, nane kwenye ukwapi, nusu ya kwanza, na nane kwenye utao, nusu ya pili. Umbo hili masikio ya watu wetu yanalijua tangu shuleni, na msomaji akishasikia vina viwili vya kwanza anataka kusikia vinavyofuata. Mishororo minne inatosha mambo manne, na mpangilio wake ndio kazi yenyewe: kwanza majira, kisha mtu mmoja anayeonekana, kisha bei, mwisho idadi inayongoja. Bei ikitangulia mtu, inasomeka kama tangazo la duka. Mtu akikaa peke yake bila bei, msomaji anahuzunika halafu anasogeza kidole.

Mfano kwa kazi yenu hii:

Julai imeingia,
mifupa yatikisika,
Shosho avuta gunia,
miguu hajafunika,
Mia nane ukitia,
blanketi lanunulika,
Sitini wasubiria,
mkono wako kufika.

Nimeukata kila mshororo katikati makusudi. Mshororo mzima una herufi 34 hadi 37, na kwenye simu ndogo unaweza kuvunjika popote, kina cha kati kikapotea ndani ya mstari. Ukiuvunja wewe mwenyewe kwenye mkato, vina viwili vinasimama wima, *-ia* na *-ika*, na hata asiyejua ushairi anavisikia. Hauongezi urefu pia, maana umebadilisha nafasi moja kwa mstari mpya mmoja. Ubeti wote ni herufi 147.

Sasa angalia mshororo wa pili, kwa sababu hapo ndipo mguso ulipo. Hauna neno "huruma", "upendo", "mateso" wala "maskini". Una gunia lisilofika miguuni. Msomaji akiona miguu iko nje, baridi anaisikia mwenyewe, na hujamwambia ahisi nini. Chagueni kitu ambacho kweli mmekiona mlipowatembelea wazee. Kama wanajifunika leso, andikeni leso. Kama tatizo ni sakafu ya saruji, andikeni sakafu. Gunia la kubuni litajulikana siku ya kupeleka mablanketi, wachangaji watakapoona hali yenyewe. Na asitajwe mzee kwa jina wala picha yake isiwekwe; hakuomba kuonekana na grupu zima la watu wasiomjua.

Neno "shosho" nalo lina sababu. "Nyanya" lina mizani mbili vilevile, lakini ukiliweka karibu na gunia msomaji wa Nairobi anaona gunia la nyanya la sokoni kabla hajamwona bibi. "Bibi" wengi hapa huelewa mke. Ubeti mfupi hauna nafasi ya kumrudisha msomaji aliyeelewa vibaya, kwa hiyo kila neno lenye maana mbili lijaribiwe na mtu ambaye hajui mnachangisha nini. Msomee mara moja, kisha mwulize ameona nini.

Kuhesabu mizani, piga kofi moja kwa kila silabi. *Ju-la-i-i-me-i-ngi-a*, makofi manane. Irabu mbili zikifuatana zinahesabiwa mbili. "M" inayosimama mbele ya konsonanti kama kwenye *m-ko-no* ni mizani kamili, lakini kwenye *mbuzi* inaungana na b, kofi moja. Maneno ya mkopo ndiyo hugombanisha watu: "blanketi" hapa nimelihesabu tatu, *bla-nke-ti*. Kuna wanaotamka "bulanketi", na kwao mshororo utazidi kwa kofi moja. Kama wasomaji wenu wengi hutamka hivyo, kuandika "blanketi hununulika" hakusaidii, bado ni nane kwa tamko la kwanza na tisa kwa la pili. Dawa basi ni kupunguza kitenzi, "bulanketi lapatika", ambayo ni nane.

Kosa linaloua mashairi mengi ya michango ni kujaza mizani kwa maneno matupu. Chukua mshororo kama huu: "Enyi wapendwa wenzetu, tuwasaidie wazee." Ukwapi una nane, utao una tisa. Ukirekebisha kuwa "tusaidie wazee" unapata nane, vipimo vimekaa sawa, na bado haujasema chochote. Wazee wapi, tuwasaidie nini, kwa kiasi gani? Ukiona "enyi", "jamani", "wapendwa" au "hakika" kwenye ubeti wako, jiulize kama liko pale kwa maana au kwa kofi. Kwenye shairi la beti kumi unaweza kuvumilia neno la aina hiyo. Kwenye mishororo minne, ni sehemu kubwa ya nafasi yako yote imekwenda.

Bei, ithibitisheni kwa muuzaji kabla ya kuandika, na muulize bei ya jumla ya mablanketi yote 60 pamoja na usafiri. Sitini mara mia nane ni 48,000. Kama gari la kubeba litalipwa kutoka kwenye michango hiyohiyo, basi mia nane haitoshi blanketi na mshororo wa tatu unakuwa uongo. Ama usafiri ulipwe na kikundi, ama bei ipande. Ikipanda, ushairi nao unabadilika: "mia nane hamsini" ni mizani nane kamili, inajaza ukwapi wote bila kitenzi na kuvunja kina. Kwa hiyo bei ya mviringo ina faida hata kwenye vina. Na usiandike "chochote ulicho nacho" ndani ya ubeti. Mtu akiambiwa achange chochote, anaanza kufikiri kiasi gani hakitamwaibisha, na akifikiri sana anaacha. Asiyeweza mia nane mwelezeni chini ya ubeti, kwa maneno ya kawaida, kwamba wawili wakitoa mia nne kila mmoja wamenunua blanketi moja.

Kwa magrupu ya vijana, ukwapi wa tatu unaweza kuwa "Soo nane ukitia". *So-o-na-ne-u-ki-ti-a*, nane zilezile, na mengine yote yabaki. Hata hivyo msiugeuze ubeti wote kuwa Sheng, kwa sababu utasambazwa hadi kwa wajomba na mashangazi walioko mbali na mtaa, nao ndio mara nyingi wenye kutoa.

Namba ya kulipia haiingii kwenye vina kamwe. Tarakimu zikilazimishwa kuimba, mtu anazikosea, na pesa zinakwenda kwa mwingine. Chini ya ubeti acha mstari mmoja mtupu, kisha andika hivi, mkiweka namba yenu halisi:

```
Paybill 000000, Akaunti BLANKETI
```

Hizo ni herufi 32. Pamoja na ubeti na mistari miwili mipya mnafika 181, kwa hiyo kwenye X yenye kikomo cha 280 mnabaki na nafasi ya kutosha kuandika siku ya mwisho na jina la kikundi. Ujumbe mfupi wa simu ni tofauti: mmoja ni herufi 160, na ubeti peke yake umekula 147. Mkitaka kutuma kwa njia hiyo, mtalipia jumbe mbili kwa kila mtu, au mtume mishororo ya pili na ya tatu pekee pamoja na Paybill. Hiyo miwili ndiyo inayobeba ombi.

Neno la akaunti liwe moja, fupi, lisilo na tarakimu. Mkiweka kitu kama "B0", mmoja ataandika sifuri na mwingine herufi O, na mweka hazina hatajua pesa ipi ni ya blanketi na ipi ni ya mambo mengine ya kikundi. Muhimu zaidi ni jina. Kabla pesa hazijaondoka, M-Pesa humwonyesha mlipaji jina la anayepokea. Kama tangazo linasema kikundi cha Kayole na simu inaonyesha jina la biashara au la mtu binafsi asiyemjua, anaghairi hapohapo, na ana haki. Andikeni waziwazi: "Jina litakalotokea ni..." na mliandike herufi kwa herufi kama linavyotokea. Mjaribu kwanza kwa kutuma shilingi chache nyinyi wenyewe.

Kwenye WhatsApp, tuma namba ya Paybill tena ikiwa peke yake, katika ujumbe wa pili. Ukibonyeza ujumbe na kuunakili, kwa kawaida unanakili wote, na mtu hawezi kubandika shairi zima kwenye sehemu ya namba. Kwa sababu hiyohiyo usiiweke namba ndani ya picha tu. Picha ni nzuri kwa stetasi, lakini anayeitazama lazima akariri tarakimu huku akifungua M-Pesa, na wengi huishia njiani.

Usiurudie ubeti uleule kila siku. Watu wataacha kuuona. Badilisha mshororo wa nne kadiri idadi inavyopungua, na uache mitatu ya kwanza kama ilivyo. "Thelathini wasubiria" ni mizani tisa, inazidi. Tumia kitenzi kifupi:

Thelathini wasalia,
mkono haujafika.

"Hamsini wasalia" na "Ishirini wasalia" zinakaa vilevile, na kwa kumi andika "Kumi bado wasalia". Arobaini ina mizani tano, haiingii na kitenzi hicho, kwa hiyo tumeni taarifa mkifika hamsini, thelathini, ishirini na kumi, muiruke hiyo. Idadi iwe ya kweli kila mara, ilingane na taarifa ya mweka hazina ya siku hiyo.

Na mshororo wa kufungia msiutume pesa zinapotimia. Ngojeni mablanketi yafike Korogocho, yahesabiwe, kila mzee awe na lake, ndipo muandike:

Sitini wametimia,
wote wamefunikika.